Mstari Kati ya Thelathini na Tisa na Arobaini

Ilianza Jumanne ya pili ya likizo ya Agosti, mwaka wa 1978, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari siku ile ile, chini ya meza, wakati wenzangu wote wanaitazama picha.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa amenitafutia kazi ya likizo katika ofisi ya wapima udongo mjini Kisii, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Tulikuwa watatu tu. Mkuu wetu alikuwa mzee wa Mombasa, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata nikaona haya kufungua kinywa changu. Mchoraji wa ramani alikuwa mtu wa Keroka, mcheshi, asiyeweza kukaa dakika tano bila kumchokoza mtu. Wa tatu mimi. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza wiki nzima bila kusema zaidi ya "ndiyo mzee", mchoraji alikuwa amenibandika jina, Mama Kimya.

Kazi yangu ilikuwa namba. Setilaiti ilikuwa imepita juu ya Kisii na kupima mwanga unaorudi kutoka ardhini. Nairobi mashine ikageuza vipimo hivyo kuwa namba kwenye karatasi ndefu zilizokunjwakunjwa, namba moja kwa kila kipande cha ardhi cha kama eka moja. Zilianzia sifuri na kuishia sitini na tatu. Namba kubwa maana yake majani mengi yenye afya. Mimi nilitafuta mito, barabara na masoko katikati ya namba hizo, nikaviwekea alama kwa penseli.

Jumanne hiyo ndipo picha yenyewe ilipofika, imeviringwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Mkuu akaitandaza mezani na kuikandamiza pembe zake kwa vikombe. Mimea yote ilikuwa myekundu. Mkuu alitueleza kwamba setilaiti huona mwanga ambao jicho la mtu halioni, na kwa kuwa mwanga huo hauna rangi tunayoijua, Nairobi huupa wekundu. Mchoraji akasema basi leo amejua kwamba ndizi za mama yake ni nyanya.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshauona mlima wetu wa Nyacheki. Ulikuwa na rangi mbili. Nusu ya juu ilikuwa nyekundu iliyokolea, nusu ya chini nyekundu iliyofifia, na katikati mstari ulionyooka kana kwamba mtu amekata keki. Shamba letu lilikuwa upande uliofifia, la kwanza kabisa chini ya mstari. Jirani yetu, ambaye tunagawana naye uzio wa miti, alikuwa upande wa juu.

"Rangi ikibadilika, udongo umebadilika," mkuu akamwambia mchoraji. "Fuata ukingo."

Mchoraji akaweka karatasi ya kuchorea juu ya picha, akachovya kalamu, akaufuata ukingo kwa wino mweusi.

Lazima nieleze wino huo ulikuwa na maana gani. Ramani yetu ilikuwa iende kwa maofisa wa kilimo Jumatatu iliyofuata, nao wangeitumia kuamua ni mashamba gani yapewe kibali cha kupanda chai. Nyumbani, Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa amekwisha kung'oa migomba ya upande mmoja. Vipandikizi vya chai alivipanda kwenye vifuko vya nailoni, akavifunika kwa matawi, na kila asubuhi alivinyunyizia maji kwa kopo lenye matundu kabla hata ya kunywa chai yake mwenyewe. Alisubiri kibali miaka miwili. Na sasa mstari mweusi ulikuwa umepita kati yake na jirani, na mimi nilikuwa nimeutazama ukichorwa nikanyamaza.

Nasema kweli, nilichofikiri kwanza hakikuwa cha hesabu. Nilifikiri ni bahati mbaya tu, maana sisi ni watu wa bahati mbaya.

Mchana, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki na ugali wangu wa kufungwa kwenye jani. Nikatoa karatasi ya namba ya Nyacheki ili nione kwa macho yangu jinsi namba zinavyoporomoka pale kwenye uzio wetu. Nikaweka rula chini ya safu, nikaanzia kileleni kushuka. Arobaini na sita, arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na nne. Zilishuka taratibu, maana zilikuwa zimelainishwa Nairobi, kila namba imechukua wastani wa jirani zake ili zisirukeruke. Kwa jirani yetu ilikuwa arobaini. Kwetu ilikuwa thelathini na tisa.

Tofauti ya moja.

Nikasoma tena, nikidhani nimeruka safu. Nikaendelea kushuka hadi mwisho wa mlima, kule kwenye mawe ambako hata mbuzi hawakai. Huko ilikuwa thelathini na mbili. Sasa sikuelewa kabisa. Sisi na kule kwenye mawe tulitofautiana kwa saba, tukapewa rangi moja. Sisi na jirani tulitofautiana kwa moja, tukapewa rangi mbili.

Jibu lilikuwa pembeni mwa picha, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyejali kuyasoma. Yalisema kwamba namba zimehifadhiwa kwa biti sita, lakini mashine iliyochapa picha ilikuwa na biti tatu tu kwa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu.

Neno biti nililijua. Mwalimu wetu alitusumbua muhula mzima na hesabu za kizio cha mbili, zile za sifuri na moja, na sisi tukanung'unika kwamba hakuna mtu sokoni Ogembo atakayetuuzia parachichi kwa kizio cha mbili. Biti ni nafasi moja ya kuandika sifuri au moja. Ukiwa na nafasi moja unaweza kutaja vitu viwili, mbili vitu vinne, tatu vinane. Kila nafasi unayoongeza inazidisha mara mbili. Nafasi sita zinatosha ngazi sitini na nne, sifuri hadi sitini na tatu. Mashine ya picha ilikuwa na ngazi nane tu za wekundu. Kwa hiyo ilizikusanya namba nane nane. Thelathini na mbili hadi thelathini na tisa wekundu mmoja, arobaini hadi arobaini na saba wekundu mwingine. Mlima wetu ulioshuka kama mteremko, mashine iliushusha kama ngazi ya nyumba, na ngazi hiyo ilikatia penye uzio wetu.

Ningeweza kusema siku hiyo hiyo. Mkuu aliporudi nilisimama, akaniuliza kama nataka kitu, nikasema nataka ufagio. Nikafagia ofisi iliyokuwa safi.

Jumatano mchana, walipotoka tena, niliazima penseli nyekundu ya mchoraji. Kwenye karatasi ya miraba niliandika namba za mlima wetu, nikazipaka rangi kama mashine, mipako minne kwa kila namba ya thelathini na mbili hadi thelathini na tisa, mipako mitano kuanzia arobaini. Mstari ukajitokeza pale pale. Chini yake nikarudia namba zile zile, lakini sasa nikiongeza biti moja, yaani ngazi kumi na sita, nikibadili rangi kila baada ya namba nne kwa nusu mpako mwepesi. Palipokuwa na mstari mmoja mkali pakawa na mitatu hafifu, na wetu haukuwa mkali kuliko mingine. Nikaiweka karatasi kwenye meza ya mkuu bila jina. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka niliposikia naitwa.

"Mama Kimya, umeniibia penseli," mchoraji akasema nilipoingia. "Tazama ilivyobaki, kama jino la bibi."

Mkuu alikuwa ameishika karatasi yangu mkono mmoja na karatasi ya namba mkono wa pili. Aliniuliza kama mtu amenisaidia, nikatikisa kichwa. Akaniuliza kwa nini kati ya milima yote nimeuchagua huu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijua nikisema, kazi yangu yote itaonekana hila ya mtu anayetetea ugali wake.

"Ni kwetu, mzee," nikasema. "Hiyo thelathini na tisa ni shamba la baba yangu."

Mkuu aliketi, akavua miwani.

"Basi, binti, siwezi kukuamini wewe, na picha pia siwezi kuiamini tena," akasema. "Kesho tutauuliza udongo."

Alhamisi tulikwenda kwa Landrova ya ofisi. Mkuu alichagua mwenyewe pa kuchimba, akaniambia nikae garini ili nisije nikamwonyesha kwa macho. Nikawaona wakizungusha keekee ndefu ya kutobolea udongo kwa jirani, kisha kwetu, kisha chini zaidi mara mbili. Tata alitoka kwenye kitalu chake na kopo mkononi, akawasalimu, akaniona dirishani. Nadhani alidhani nimefanya kosa.

Kwa jirani keekee ilizama yote, ikatoka na udongo mwekundu wenye kina. Kwetu ikazama yote, udongo ule ule. Mkuu aliuweka wa jirani kiganja kimoja na wetu kiganja cha pili, akaukanda, akamwambia mchoraji afumbe macho aseme upi wa nani. Mchoraji alikosea, akadai vidole vyake vimechoka. Shimo la tatu lilikuwa na kina kidogo zaidi. La nne, kule kwenye mawe, keekee iligonga mwamba baada ya shubiri mbili. Ardhi ilikuwa inabadilika kweli, ila polepole, kama namba zilivyosema, na haikubadilikia kwenye uzio wetu.

Mkuu alimwambia Tata kwamba kibali si chake kutoa. Kazi yake ni ramani, na ramani itasema ukweli kadiri awezavyo. Tata akamshukuru kama aliyepewa kibali, akatufungia mkungu wa ndizi. Njiani mkuu alisema ataandika Nairobi kuomba picha nyingine yenye ngazi nyingi zaidi, na mpaka ifike hakuna mstari utakaokaa kwenye ramani kwa kutegemea rangi peke yake. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kuna milima mingine kumi na miwili ambayo hakuna mtu wa kwao ofisini wa kuikagulia namba zake.

Asubuhi yake, Ijumaa, nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Mchoraji alinipa wembe, akanionyesha jinsi ya kuulaza ili ukwangue wino bila kutoboa karatasi. Nilikwangua mstari wa Nyacheki mpaka ukabaki weupe wenye manyoya, nikaupuliza vumbi lake. Halafu nikafungua karatasi ya namba ya mlima uliofuata, nikaweka rula, na kwa kuwa ilibidi mtu mmoja asome na mwingine apige alama, nikaanza kusoma. Arobaini na nane, arobaini na saba, arobaini na saba, halafu ghafla arobaini na moja, thelathini na tano, ishirini na tisa. Huo ulikuwa ukingo wa kweli, tukauacha. Nikaendelea na wa tatu.

"Paza sauti," mchoraji akasema. "Niko huku."

Nikapaza.