Makreti ya Shemeji

Mama Mgahawa alikuwa amechana karatasi ya tatu ya barua ya malalamiko. Hasira haikuwa tatizo, alikuwa nayo tele. Tatizo ni kwamba msambazaji wake wa samaki alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiyo maana kwa miaka tisa hakuwahi kufungua makreti mbele ya dereva. Kumkagua shemeji ni kumwita mwizi. Kila mara alitia saini hati ya mzigo, "umepokelewa ukiwa mzuri", kisha gari likaondoka.

Mwezi huu alikuwa amepokea uozo mara mbili. Juu samaki wazima, chini barafu imeyeyuka, matamvua ya kahawia, nyama inabonyea kama unga. Mara ya kwanza alitupa, akapiga simu, akaombwa radhi. Mara ya pili mpishi alichambua kwa haraka, na walimu wawili wa shule jirani waliokula hapo wakatapika. Mwalimu mkuu, ambaye walimu wake arobaini ndio waliobaki kuushikilia mgahawa, alitaka jibu la maandishi la msambazaji kufikia Ijumaa. La sivyo, watakula kwingine.

"Andika tulifungua mbele ya dereva," mpishi alisema. "Nani atabisha?"

"Dereva."

"Neno lake dhidi ya letu!"

"Nimelisha watu uozo. Sasa niwalishe na uongo?"

Akaandika tarehe zote mbili, namba za hati na hali ya samaki, akaambatanisha picha. Akamalizia: "Nilitia saini kabla ya kufungua. Kosa hilo ni langu. Kuleta samaki walioharibika ni kosa lako. Naomba ulikiri kwa maandishi, na kuanzia sasa kila kreti lifunguliwe kabla ya saini."

Alhamisi akaipeleka barua mwenyewe ghalani kwa shemeji. Shemeji aliisoma amesimama, jasho likimtoka katika baridi ya ghala.

"Shemeji, mashine ya baridi ilizimika siku zile. Nakwambia wewe kama ndugu."

"Niandikie basi."

"Nikiandika, kesho hoteli zote zitakuwa nayo. Nina watoto, shemeji."

"Na mimi nina nini, mawe?"

Shemeji akamwita kibarua wa ghala, akaamuru aletwe kreti moja la samaki wabichi, macho yanang'aa. "Chukua. Yaishe."

Mama Mgahawa alilitazama kreti lile. Lingetosha chakula cha siku mbili. Lakini walimu hawakuomba samaki.

"Gonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu," alisema.

Shemeji akagonga.

Ijumaa mwalimu mkuu aliisoma nakala mara mbili. "Umejishtaki mwenyewe hapa, mama."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nakuamini. Lakini jibu lake halipo, na wale wawili bado wako kitandani."

Mama Mgahawa aliporudi mgahawani, mpishi alikuwa ameshaloweka maharage ya watu hamsini. Akachukua bakuli, akaanza kupunguza yale ya walimu.