Mbwa wa Loji na Utepe wa Ng'ombe

Niliporudi Mugumu kutoka masomoni ng'ambo, stashahada yangu ya mifugo ndiyo ilikuwa ya pekee katika ofisi ya mifugo. Sikuhitaji kujisifu. Niliitundika ukutani, kila aliyeingia akaisoma.

Asubuhi moja dereva wa loji ya Ikoma, mali ya shirika la umma, alileta bahasha ya mke wa meneja. Ndani mlikuwa na barua na picha tatu, zilizopigwa kwa ile kamera ya watalii inayotema picha papo hapo. Mbwa wake mweupe wa manyoya marefu, aliyeachiwa na Wazungu waliohama, eti amenenepa mno. Bwana josho wetu alimpima, akashauri apewe nusu ya chakula. Sasa manyoya yamefungana. Anyolewe tu, au apelekwe kwa daktari?

Bwana josho mwenyewe, mzee aliyeogesha ng'ombe dawa ya kupe miaka mingi, alikuwa hapo akinywa chai.

"Shikamoo, mzee. Ulimpimaje?"

"Marahaba, msomi. Kwa utepe wa ndama, ule wa kusomea kilo, kifuani. Kilo arobaini."

"Juu ya manyoya?"

"Ulitaka nimvue?"

Ofisi nzima ilicheka, na mimi ndiye niliyechekwa.

Nikazitazama picha. Kiwiliwili kilijaa kama gunia, lakini mashavu yalikuwa yamebonyea, na miguu, penye manyoya mafupi, ilikuwa vijiti. Picha haioni mbavu chini ya manyoya. Mkono ndio unaoona. Nikamwandikia yule mke wa meneja: ashike mbavu kwa vidole, ajaribu kupitisha kitana kati ya fundo la manyoya na ngozi, apige picha kwapani. Asimwoshe, maji hukaza mafundo. Asikate kwa mkasi, ngozi huvutwa ndani ya fundo. Na chakula akirudishe, kidogo kidogo.

Kesho yake picha ikaja. Kitana kimekwama, ngozi ya kwapa nyekundu, imelowa. Nyuma ameandika: "Mbavu nazihesabu. Ananuka. Meneja anasema gari la umma halibebi mbwa wa mabepari."

Hapo kunyoa peke yake hakutoshi. Nikaandika "Apelekwe kwa daktari wa mifugo leo," nikagonga mhuri wa vibali vya kusafirisha ng'ombe. Kwa mbwa haukuwa na maana yoyote. Lakini meneja wa shirika la umma, mbwa akifa hatetemeki. Akiona mhuri hutetemeka. Gari likapatikana kabla ya saa sita, likatupitia mimi na bwana josho.

Daktari alimlaza kwa sindano, akamnyoa kwa mashine. Manyoya yalitoka kipande kimoja kama mkeka, chini yake vidonda. Tulimning'iniza mbwa ndani ya gunia kwenye mizani ya pamba: kilo kumi na moja.

"Mizani ya pamba haijui mbwa," bwana josho akasema.

Mke wa meneja alikuwa amepiga magoti, kiganja chake juu ya zile mbavu.

"Wiki tatu alikuwa analia kwenye mlango wa jikoni," alisema. "Mimi namfukuza na ufagio, namwita mlafi."