Nusu ya Chini ya Uwanja

Kopi yake ya mtihani niliiweka mwisho kwa sababu nilikuwa naiogopa. Msichana yule alikuwa ameshaurudia mwaka; akianguka tena, shule inamfukuza, na kwao Gasenyi usiku milio ya risasi ilikuwa haikatiki. Kwetu shuleni, nilijiambia, angalau kulikuwa na ukuta. Alihitaji pointi nne za swali la biolojia.

Swali lenyewe nililitunga mimi. Uwanja nyuma ya madarasa una mita za mraba elfu mbili. Wanafunzi walikuwa wameweka fremu za mbao, nusu mita kila upande, mara kumi, wakahesabu mashina thelathini ya gugu la kishonanguo. Wengi walichukua wastani wa matatu kwa fremu wakauzidisha moja kwa moja kwa elfu mbili, wakasahau kwamba fremu ni robo tu ya mita ya mraba. Niliwakata pointi bila huruma. Jibu langu lilikuwa mashina kumi na mawili kwa mita ya mraba, yaani elfu ishirini na nne.

Yeye aliandika elfu kumi na mbili. Nikainua kalamu nyekundu.

Kisha nikasoma chini yake, penye sehemu ya dosari za njia ya kuhesabu: "Fremu zote tuliziweka nusu ya juu, kwa hiyo nimezidisha kwa mita elfu moja tu. Nusu ya chini ni ya majimaji na hatukuingia, siwezi kuisemea. Tena hatukuchagua mahali kwa bahati nasibu, na fremu kumi ni chache."

Alikuwa sahihi kuliko karatasi yangu ya majibu! Nusu ya chini niliwakataza mwenyewe, tangu wanajeshi walipopiga kambi kule wakahama. Watu walisema wameacha mabomu ardhini. Nikampa nne zote, halafu nikaingiwa na hofu, maana direkteri, mkuu wa shule, ndiye aliyekuwa akipitisha matokeo, na hakupenda habari za mabomu shuleni kwake.

Kwenye kikao cha matokeo aliweka kidole kwenye kopi.

"Mwalimu, jibu yako ni elfu ishirini na nne. Huyu mutoto amekosa."

"Apana, Bwana Direkteri. Amehesabu pale tulipofika tu. Kule chini hatukufika."

"Na kwa nini hamukufika? Kule hakuna kitu. Niliwaambia wazazi wote: hakuna kitu."

Walimu wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi, hasira ndiyo iliyonisemea.

"Sawa. Fremu iko hapa nyuma ya mlango. Twende sisi wawili, mi na weye, sasa hivi, tuhesabu ile nusu. Tukipata kama kule juu, nitamukata pointi."

Nikasimama, nikaichukua. Direkteri akatazama dirishani, majani ya kule chini yamefika kiunoni. Akaisukuma kopi upande wangu.

"Mupe pointi zake," akasema.