Namba Niliziacha, Maneno Nikayapoza

Kazi ya kutafsiri sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na vita, hapa Kindu, kwenye kizuizi cha barabara upande wa Mikelenge. Askari waliokaa pale walisema Kilingala, na wanawake waliotoka mashambani na mihogo kichwani walijua Kiswahili na lugha ya kwao tu. Mimi nilikuwa nimekulia kambi ya reli, nilizijua zote, kwa hiyo nikaitwa kusimama katikati.

Siku moja mama mmoja, kwa hasira, alimwambia askari kwamba mama yake alizaa mwizi. Askari akanigeukia: anasema nini? Nikamwambia anaomba umuachie kikapu kimoja, ana wagonjwa nyumbani. Akamuachia. Ndivyo nilivyofanya kazi ile muda wote wa vita: tusi nililigeuza kuwa ombi, na kitisho nikakigeuza kuwa ushauri. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wapo watu Kindu leo wanaonisalimia kwa mikono miwili kwa sababu ya uongo wangu wa siku zile, na nilijivuna kwa hilo, sitaficha.

Baadaye nilikimbilia Angola. Huko nilipata kazi kwa Wavietinamu waliokuwa na duka la kupiga picha na kutoa fotokopi, nikakaa nao miaka mingi. Lugha yao niliijua kwa kusikia kwanza, kisha kwa kusoma, maana wanaandika kwa herufi kama zetu, ila zimepandiwa alama juu na chini. Niliporudi Kindu, mtaa wa Alunguli, na mvi, nilidhani Kivietinamu changu kitakufa nami bila kumfaa mtu.

Kumbe hapana. Kampuni moja ilijenga karakana ya kuchuja dhahabu kwenye njia ya Pangi, na mafundi wake walikuwa Wavietinamu. Dawa ya kuyeyushia dhahabu ilikuwa sayanidi, vipande vyeupe ndani ya mapipa. Ilikuja na karatasi ya usalama ya Kifaransa, yenye sehemu kumi na sita, na mafundi hawakujua hata neno moja la Kifaransa. Mkurugenzi, mtoto wa hapa hapa, akanitafuta, maana Kifaransa nilikisoma shuleni.

Msimamizi wa mafundi, Mvietinamu mtu mzima, alikuwa Bukavu akifuata vipuri. Alinipigia simu akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mkwe. Alisema namba na herufi zote zibaki kama zilivyo, hata nukta isisogee: namba ya kemikali, namba ya usafirishaji, na zile za hatari na tahadhari zinazoanza na H, P au EUH. Sentensi za hatari nisitunge mwenyewe. Kwao kila namba ina sentensi yake iliyokwisha kupangwa, na akanitumia orodha nzima kwenye simu.

"Wewe nakili tu," alisema. "Hiyo si hadithi."

Nikaifungua orodha. H300: inaua ikimezwa. H310: inaua ikigusa ngozi. H330: inaua ikivutwa kwa pumzi. Kila mstari kifo. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsomea kwa Kiswahili. Akashika kichwa.

"Papa, hii njo karatasi ao njo matanga? Muntu akisoma kufa, kufa, kufa, nani atatumika kazi kesho? Wote watapanda ndege. Poza kidogo. Weye unajua kusema na watu."

Ningeweza kukataa. Hakunishikia bunduki. Lakini aliponiambia najua kusema na watu, moyo wangu ulilainika, nikajiona tena yule wa kizuizini, anayeokoa. Nikaziacha namba zote mahali pake, maana niliziona ni mapambo ya wazungu tu. Maneno nikayapoza. Neno kubwa la juu, ambalo orodha ilisema liwe "Nguy hiểm", yaani hatari, nikaandika "Cảnh báo", tahadhari. Penye inaua nikaweka ina madhara. Na chini kulikuwa na mstari wa EUH032: ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu kali sana. Nikaandika kwamba ikikutana na asidi hutoa hewa inayosumbua. Nikaisoma tena nikaona imekaa vizuri, ina adabu. Walichapisha, wakaitia kwenye plastiki, wakaibandika mlangoni pa chumba cha kuoshea.

Chumba hicho kilikuwa cha fundi mmoja, baba wa watoto wawili, mpenda sombe ya majani ya mihogo yenye pilipili nyingi. Aliniita kaka kwa lugha yake. Kazi yake ilikuwa kuosha kwa asidi yale makaa yanayonasa dhahabu, ili yatumike tena. Asidi na maji ya sayanidi havikupaswa kukutana kamwe. Hata mifereji yao ilitenganishwa. Nilimwona akiisoma karatasi yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akanicheka kwamba alama moja ya herufi nimeiweka kichwa chini. Nilicheka naye.

Wiki ile ile, asubuhi, mpira wa asidi ulichomoka. Asidi ikamwagika sakafuni, ikaingia mfereji usio wake. Mwenzake aliyekuwa mlangoni alisikia harufu, akamwita watoke. Huyo mwenzake ndiye aliyetusimulia. Alisema fundi alimjibu hivi: "Karatasi inasema inasumbua tu. Tangulia, nafunga koki nakuja."

Hakuja. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Msimamizi alirudi siku ya pili. Alikuja nyumbani kwangu na karatasi ile ndani ya plastiki yake, akaiweka mezani, karibu na simu yake yenye orodha. Sikumkaribisha kiti, nilisahau hata hilo. Aliweka kidole kwenye namba, kisha kwenye maneno yangu.

"Namba inasema moja, maneno yanasema jingine," alisema. "Yeye namba hakuzijua. Alikuamini wewe."

Nilitaka kumwambia habari za mkurugenzi. Lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyaficha maradhi ya wengine. Nilijichukia, na ninapoandika haya bado najichukia. Tulikaa pale mpaka adhuhuri nikiandika upya, sentensi moja moja kutoka kwenye orodha, naye akilinganisha kila namba na maneno yake. Hakuniachia hata neno moja la kwangu.

Tulipomaliza alisema mke wa marehemu anangoja simu, anataka kujua kwa nini mumewe hakukimbia. Nikamwomba aongee yeye.

"Mimi sikuandika," alisema, akanipa simu.

Sauti ya mwanamke ilikuwa tulivu kuliko nilivyotegemea. Aliuliza karatasi ya mlangoni ilisemaje. Nilijua njia kumi za kumjibu bila kumjibu. Nikamsomea mstari nilioandika, kama ulivyo: hutoa hewa inayosumbua. Akaomba nirudie, nikarudia. Kisha akauliza ilipaswa kusemaje, nikamsomea ule mpya: hutoa gesi yenye sumu kali sana.

Akauliza kama hizo zilikuwa karatasi za dawa mbili tofauti.

"Hapana, mdogo wangu," nikamwambia. "Dawa ni moja. Hata namba ni ile ile."