Chenga Kwenye Picha ya Kifua

Pale Kibiti nilikuwa tabibu ninayejiona bingwa wa picha za kifua, na mdomo wangu haukuwa na breki. Picha ya bibi mmoja, mkulima wa mpunga wa Chumbi, ilijaa vidoti vyeupe, vidogo, vya ukubwa mmoja, mapafu yote mawili. Nikapaza sauti: "TB iliyosambaa kwa damu! Kama siyo, fangasi, au saratani iliyotoka kwingine!"

Bibi akaisogelea picha. "Mwanangu, hizo chenga za mchele. Mbona zimefika hadi nje ya mwili wangu?"

Kweli, zilivuka bega zikaelea hewani. Mpiga picha akakiri: gunia lake mwenyewe la mchele alilificha chumba cha giza cha kusafishia filamu, chumba pekee chenye kufuli, na chenga zikaingia kwenye kaseti, kisanduku kinachobeba filamu.

Tukaikung'uta kaseti, tukapiga upya. Vidoti vikatoweka. Kwenye mizizi ya mapafu, kulia na kushoto, yalibaki mabonge: tezi zilizovimba. Huenda TB tena, au saratani ya tezi, au sakoidosisi, ugonjwa unaovimbisha tezi bila kuambukiza. Kupima makohozi na kinyama kilichokatwa kwenye tezi ndiko kungeamua.

"Haya si mchele, bibi," nikasema taratibu.

"Najua. Hata kwenye ile ya kwanza yalikuwepo. Wewe ulikuwa unapepeta chenga."