Bei Aliyoichukua Dadangu

Miaka hiyo nilikuwa mlinzi wa lango kwenye zizi moja la farasi wa mbio, nje kidogo ya Dubai. Nililala mtaa wa Naif, chumba kimoja watu wanane, na basi la kampuni lilinichukua kabla ya alfajiri. Kuna farasi mmoja mwekundu aliyekaa kwetu msimu wa baridi kisha akarudishwa Uingereza. Nilimpenda, nikajidanganya kwamba kumpenda ni sawa na kumjua.

Mama, nyumbani Nakuru, alikuwa akingoja kupasuliwa uvimbe tumboni. Tulichanga pesa, hazikutosha. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaona farasi yule atazitosheleza. Dubai kucheza dau ni kosa la kukupeleka jela, kwa hiyo nikamtumia dadangu mkubwa paundi mia. Yeye alikuwa akisafisha ofisi Uingereza, ambako maduka ya dau yako wazi kama ya mkate. Hakutaka. Nilimbembeleza mpaka akachoka.

Siku ya mbio alipitia dukani asubuhi akitoka kazini. Karani akamuuliza kama anachukua bei iliyopo ubaoni, nane kwa moja, au anaiacha tiketi ilipwe kwa bei ya kuanzia, ile itakayokuwepo farasi wakiondoka. Dadangu amekulia sokoni, akimsaidia mama kuuza viazi. Kwetu ukitajiwa bei nzuri unaikamata kabla mwenye mali hajabadili mawazo. Akachukua nane.

Jioni, kwa saa za Dubai, nilitazama mbio kwenye runinga ya kantini ya zizi. Mwekundu wangu akashinda, nami nikalia mbele ya watu. Mia yangu ikizaa mia nane, nikirudishiwa na dau langu, ni mia tisa. Dadangu akatuma mia tano na themanini.

“Wamekata,” aliniambia kwa simu. “Kuna farasi aliondolewa, wakasema wote waliochukua bei mapema wanakatwa.”

“Nani anakatwa baada ya kupewa tiketi, dada?”

“Mimi nimekatwa. Niliuliza mara mbili.”

Kesho yake nikamfuata mpanda farasi mmoja Mwingereza aliyekuwa akiwafanyisha mazoezi pale. Nikamuuliza: aliyemchezea yule farasi akalipwa kwa bei ya kuanzia, alikatwa chochote? Akasema, “Hapana. Bei ya kuanzia ilikuwa saba, inalipwa nzima.” Sikumwambia kwamba dadangu alichukua bei ya asubuhi. Sikuliona hilo kuwa na maana, na hasira haina subira ya maswali mawili. Nikapiga hesabu: hata kwa saba, zingekuwa mia nane. Dada amekula.

Nikampigia mama kwanza. Hapo ndipo nilipoharibu, na kama ningeweza kuyameza maneno yale leo ningeyameza yakiwa na miba. Nilimwambia binti yake ameiba pesa za tumbo lake. Tangu siku hiyo mama akakataa kupokea simu ya dadangu.

Wiki mbili baadaye zikaingia paundi mia tatu na ishirini, bila ujumbe. Ndizo hasa zilizopungua. Nikawaambia wenzangu chumbani, mnaona, mwizi amerudisha. Mama akapasuliwa. Miezi miwili baadaye akafariki, na dadangu, ambaye karatasi zake hazikumruhusu kutoka na kurudi, alisikiliza mazishi kupitia simu ya jirani.

Niliporudi Dubai kutoka kuzika, yule mpanda farasi alinipa pole, tukakaa kivulini. Nikamsimulia yote, safari hii bila kuacha kitu. Akaniuliza, “Sista yako alichukua bei asubuhi?” Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole. Farasi aliyependwa na wacheza dau kuliko wote aliumia mguu saa chache kabla ya mbio, akiwa kwenye bei ya sita kwa nne, yaani faida ya sita kwa kila nne. Akiondoka wa bei hiyo, aliyeshika bei ya awali hukatwa peni arobaini katika kila paundi ya faida. Dau lenyewe haliguswi. Wa bei ya kuanzia hakatwi, kwa sababu soko la dau lilipata muda wa kupanga bei upya bila yule aliyeondoka. Mia nane, toa mia tatu na ishirini, ongeza dau. Mia tano na themanini, bila kupungua hata peni.

Dadangu alikuwa amenilipa kutoka kwenye ndoo na matambara yake.

Nilimpigia jioni hiyo. Nilimweleza, nikaomba msamaha, nikasema nitazirudisha zote. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mama alijua kwamba sikuiba?” akauliza.

“Hapana. Nimejua leo.”

“Basi hizo pesa kaa nazo,” akasema. “Mimi nilizituma ili mama apokee simu.”