Ukuta wa Uani

Mwanaheri alikuwa mkunga wa serikali kwa miaka mingi. Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, akaacha kazi, akafungua yake katika nyumba aliyoiacha baba yake Mtoni, Temeke. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma.

Wagonjwa aliwaingiza kwa mbele, wakasubiri ukumbini. Wazazi, waliokuja kujifungua, aliwaweka chumba cha mwisho, akakitobolea mlango wa uani. Uani kulikuwa na stoo, jiko la kuchemshia vyombo na, upande wa pili, karo la kufulia mashuka yenye damu. Wafanyakazi walipita huko huko. Mzazi akizidiwa, gari lilimfuata kwa uchochoro wa nyuma. Mtoto mwenye surua na kichanga hawakukutana.

Mdogo wake, Fakihi, akadai urithi wake. Kwa sheria ya Kiislamu fungu lake lilikuwa kubwa kuliko la dada, akachagua uani. Mwanaheri alimsihi amwachie japo njia. Fakihi akasema biashara yake haiwezi kupitiwa na ndoo za damu. Akajenga ukuta kuziba ule mlango, akafungua ukumbi wa video.

Stoo na jiko vikahamia chumba cha mbele. Vitu safi na vichafu vikapita ukumbi mmoja, katikati ya mabenchi. Mwanaheri akapanga vifaa vipite alfajiri, mashuka yatoke jioni wagonjwa wakishaondoka. Lakini uzazi haufuati ratiba.

Siku ya chanjo, ukumbi umejaa akina mama, Jenipher alijifungua mtoto wa kike. Damu haikukata, alikuwa amechanika ndani. Mwanaheri akambana kwa mikono, akaagiza vyombo vya kushonea. Msaidizi wake, Hamisa, akaja navyo akijipenyeza, mtu akainuka benchini, trei ikapigwa kumbo. Mikasi na sindano vikatawanyika chini, kwenye vumbi la miguu ya watu. Vingine vilikuwa bado havijachemshwa. Wakaamua kumpeleka hospitali. Machela ikakwama kwenye mabenchi, watu wakibeba watoto na kugongana kuipisha.

Jenipher alikufa garini.

Mumewe, Valerian, alirudi kumchukua mtoto. Hakugombana na mtu. Alisimama chumba cha mwisho akiutazama ukuta.

“Sista, tulipokuja mara ya kwanza ulituonyesha mlango hapa,” alisema. “Ulituambia gari litakuja hapa.”

“Ulikuwepo,” Mwanaheri alijibu.

Fakihi alipoambiwa, alisema ni kazi ya Mungu. Jioni hiyo video ilionyeshwa kama kawaida. Milio ya bunduki ikasikika hadi kwenye kitanda cha kuzalia.

Mwanaheri hakuzalisha tena. Kitanda alikiuza, akabaki kutibu malaria na kufunga vidonda. Kila asubuhi Fakihi hupita mbele ya mlango wake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba,” huitikia, kwa kuwa majirani wanasikia.